Daftari la mama wa Kasulu lafichua mikeka ya wikendi inavyokula mtaji

*Na Mwandishi Wetu, Kasulu na Kibondo*

Jumamosi moja ya mwezi Machi, saa mbili kasoro usiku, mfanyabiashara wa maharage mjini Kasulu aliandika mstari mmoja kwenye kaunta buku lake: "M, timu 12, 2,000, 0." Pembeni akaongeza neno moja kwa kalamu ileile: "moja."

M ni mkeka. Sifuri ni alichorudishiwa. "Moja" ni idadi ya timu zilizomwangusha. Timu 11 zilishinda kama alivyobashiri, ya 12 ikatoka sare. Kama nayo ingeshinda, dau lake la Sh2,000 lingezaa zaidi ya Sh250,000 kabla ya kodi.

Mstari unaofuata ni wa dakika 20 baadaye: "M, timu 8, 5,000, 0." Huo ulikuwa wa mechi za usiku, na hauna neno lolote pembeni.

Mama huyu ameomba jina lake lisiandikwe gazetini, kwa sababu yeye ni mweka hazina wa kikundi chake cha VICOBA na wenzake hawajui kuwa anabeti. Lakini amekubali kurasa zake zisomwe. Nimezisoma zote, kuanzia Agosti ligi za Ulaya zilipoanza hadi Mei zilipomalizika, nikiwa nimekaa kwenye benchi mbele ya stoo yake huku wateja wakija kupimiwa kisado kimoja au viwili.

Watu wengi wanaobeti hawana kumbukumbu ya namna hii. Wanakumbuka siku mkeka ulipotiki, na wanakumbuka timu zilizowachana. Yaliyobaki yanapotea pamoja na karatasi zilizotupwa sakafuni kwenye kibanda cha kubetia. Daftari hili halikutupa kitu, na linasema jambo ambalo mwenyewe hakulitarajia: hakuumizwa na kubeti kwa jumla jumla, wala na kukosa ujuzi wa mpira. Sehemu kubwa kabisa ya hasara yake imetoka mahali pamoja, nayo ni mikeka ya Jumamosi na Jumapili.

Mazoea ya stoo

Hakuanza kuandika kwa nia ya kujichunguza. Anaandika kila kitu. Maharage anayonunua Busunzu na Kifura, upande wa Kibondo, yana ukurasa wake: magunia mangapi, bei ya shambani, ushuru, nauli ya mzigo hadi Kasulu, vijana wa kupakua. Wakopaji wana ukurasa wao. Alipoanza kubeti, miaka kama mitatu iliyopita, aliona ni biashara kama biashara nyingine, akaifungulia kurasa nyuma ya kitabu.

"Nilifundishwa na marehemu baba," anasema. "Hela isiyoandikwa huwezi kuidai, hata kama unajidai mwenyewe."

Kila mstari una tarehe, saa, herufi, idadi ya timu, dau na kilichorudi. Herufi ni mbili tu: M kwa mkeka, S kwa singo, yaani mechi moja pekee. Saa aliiandika kwa sababu huwa anaiandika pia anapopokea mzigo.

Kuna kitu kimoja alichokisahau, nacho ni makato ya kutoa fedha kwa wakala wa simu. Alijaribu kuyaongeza baadaye kwa kurudi kwenye ujumbe wa simu, na alipoona hayamwongozi popote pa maana, akayaacha. Kwa hiyo hasara zilizomo humu ni pungufu kidogo kuliko hali halisi.

Tatizo la daftari lake ni kwamba hakuwahi kulijumlisha. Kurasa za maharage hujumlishwa kila mwisho wa mwezi. Kurasa za nyuma zilikuwa zinajazwa tu. Alijua anapoteza, kwa sababu mwezi Februari alishindwa kununua mzigo kamili kwa mara ya kwanza, lakini alidhani ni mambo ya kupanda na kushuka.

> "Nilidhani nimekosa bahati. Kumbe nilikuwa nakosa hesabu."

"Mama mkubwa, tenganisha M na S"

Mwezi Juni, wakati wa mavuno, alikwenda Kibondo kununua maharage mapya. Alilala kwa mdogo wake, ambaye kijana wake ni mwalimu wa hisabati wa sekondari. Usiku huo alimtolea kitabu amsaidie kupiga hesabu za mzigo. Kijana akafungua upande usio wake.

"Shikamoo tena, mama mkubwa," alimwambia, na wote wanaposimulia sehemu hii hucheka. "Hizi kurasa za nyuma ni za nini?"

"Marahaba, mwanangu. Hizo ni za mpira. Ziache."

Hakuziacha. Alichukua kalamu nyekundu na ya bluu, akamwomba azungushie kila M kwa nyekundu na kila S kwa bluu. Kisha akamtaka aweke alama ya pili kwenye M za Jumamosi na Jumapili. Kazi hiyo iliwachukua hadi chaji ya simu iliyokuwa ikiwamulikia ilipoanza kuisha.

Jumla ilikuwa hivi. Singo 148, nyingi za katikati ya wiki, zilimgharimu Sh290,000 na kumrudishia Sh263,500. Amepoteza Sh26,500 kwa miezi kumi.

Mikeka ya wikendi ilikuwa 186. Ilimgharimu Sh402,000. Iliyotiki ni mitatu tu, ikamrudishia Sh97,400. Hapo amepoteza Sh304,600.

Mikeka michache ya katikati ya wiki ilimla Sh35,000 nyingine. Hasara yote kwa pamoja ni Sh366,100, na katika kila Sh100 aliyopoteza, Sh83 imetoka kwenye mikeka ya wikendi.

Mtu anaweza kusema ni kwa sababu huko ndiko alikoweka fedha nyingi. Si kweli. Mikeka ya wikendi ilichukua zaidi kidogo ya nusu ya madau yake yote. Ingekuwa inapoteza kwa mwendo uleule wa singo, ingemla kama Sh37,000, si laki tatu.

Na ubashiri wake si mbaya. Mwalimu alipitia karatasi alizokuwa amezibana kwenye kitabu kwa pini, akahesabu timu moja moja ndani ya mikeka. Timu zake zilikuwa zikishinda karibu mara mbili katika kila tatu. Macho yake kwenye mpira yako vizuri, lakini namna anavyozifunga hizo timu pamoja ndiyo inayomuumiza.

Kampuni inakata mara ngapi?

Ili kuelewa kwa nini, ni lazima kuangalia bei ya mechi moja kwanza, maana odi ni bei kama bei nyingine, na ndani yake mna faida ya muuzaji.

Chukua mechi ambayo mwenyeji amepewa odi 1.50, sare 4.20 na mgeni 6.50. Gawanya 100 kwa kila odi. Utapata 66.7, 23.8 na 15.4. Jumlisha: 105.9. Mechi ina matokeo matatu tu na nafasi zake zote haziwezi kuzidi 100, kwa hiyo hizo karibu sita zilizozidi ndizo sehemu ya kampuni. Yeyote mwenye kikokotoo cha simu anaweza kufanya hesabu hii akiwa kibandani, na ataona baadhi ya mechi, hasa za ligi ndogo, zinazidi zaidi ya hapo.

Ukiiondoa sehemu hiyo kwa kugawa sawasawa, nafasi ya kweli ya mwenyeji kushinda ni kama 63 katika 100, si 67. Kwa singo, tofauti hiyo inavumilika. Ukiweka Sh1,000 mara 100 kwenye mechi kama hiyo, utashinda kama mara 63 na kulipwa Sh1,500 kila mara. Umetoa Sh100,000, umepata Sh94,500. Umepoteza Sh5,500 kabla ya kodi ya ushindi.

Sasa funga mechi kumi za namna hiyo kwenye mkeka mmoja. Odi zinazidishana: 1.50 mara kumi inafika 57 na ushee, hivyo Sh1,000 inaahidi zaidi ya Sh57,000. Ndiyo maandishi makubwa yanayoonekana chini ya karatasi. Lakini nafasi nazo zinazidishana: 63 katika 100, mara kumi, inashuka hadi karibu moja katika 100.

Kwa hiyo ukicheza mikeka 100 ya Sh1,000, tarajia mmoja utiki. Umetoa Sh100,000, umepata Sh57,000 na kitu. Umepoteza kama Sh42,000 kwa mechi zilezile, odi zilezile na kampuni ileile. Mkato mdogo uliokuwa kwenye mechi moja umepigwa mara kumi, mmoja juu ya mwingine.

> Mechi zilezile, dau lilelile: singo 100 zinapoteza kama Sh5,500. Mikeka 100 ya timu kumi inapoteza kama Sh42,000.

Mama hakuzikubali namba hizo usiku huo. Ndipo mwalimu alipochukua bakuli. Alihesabu punje 63 za maharage mekundu na 37 meupe, akazichanganya. Akamwambia afumbe macho, achomoe punje moja, aitazame, airudishe, achanganye tena. Nyekundu ni timu imeshinda. Anahitaji nyekundu kumi mfululizo.

Jaribio la kwanza punje nyeupe ilitoka mara ya nne. La pili, mara ya pili. La tatu alifika nyekundu saba, akaanza kucheka na kuita mdogo wake aje kuona, na ya nane ikatoka nyeupe. Walirudia mpaka chai ikapoa. Hakufika kumi hata mara moja.

"Pale kwenye saba," ananiambia, "moyo ulinipiga kama mpira unachezwa kweli. Maharage yangu mwenyewe!"

Timu moja iliyochana

Hilo la moyo kupiga lina maelezo, nalo ndilo linalonifanya niamini kwamba mkeka ni hatari kuliko hasara yake inavyoonyesha.

Rudi kwenye hesabu ya mikeka 100 ya timu kumi. Mmoja utatiki. Kama sita hivi itachanwa na timu moja tu. Kama 15 itachanwa na timu mbili. Maana yake ni kwamba kwa kila ushindi mmoja, mchezaji anapitia mara sita za "nilibakiza moja", na kila mara anahisi amekaribia. Kumbe kukaribia huko ndiyo hali ya kawaida ya mkeka, na hakumsogezi karibu na fedha hata kidogo. Timu moja ikikosa, malipo ni sifuri, sawa na aliyekosa zote.

Mwaka 2009 watafiti wakiongozwa na Luke Clark wa Chuo Kikuu cha Cambridge walichapisha katika jarida la Neuron uchunguzi wa ubongo wa watu wanaocheza mashine ya kamari. Waliona kuwa kukosa kidogo kuliamsha sehemu za ubongo zinazoamshwa na ushindi wenyewe. Wachezaji walisema hawakufurahia kukosa kidogo, lakini kulizidisha hamu yao ya kuendelea.

Daftari la Kasulu linaonyesha jambo hilohilo bila mashine ya hospitali. Neno "moja" limeandikwa pembeni mara 14. Na hapa safu ya saa, aliyoiweka kwa mazoea tu, inageuka kuwa ushahidi mkubwa kuliko wote.

Katika mikeka 186 ya wikendi, 58 iliandikwa siku ileile baada ya mkeka mwingine kuchanika. Mikeka ya mwanzo wa siku ilikuwa na dau la wastani wa Sh1,600. Hii ya kurudisha ilikuwa na wastani wa Sh3,400. Karibu nusu ya fedha zote za mikeka ya wikendi zilitoka katika saa hizo za jioni, baada ya mechi za mchana za Uingereza kumalizika na kabla za usiku za Hispania na Italia hazijaanza.

Ndiyo maana Jumamosi inauma kuliko Jumanne. Siku ya Jumanne mechi ni chache, zinachezwa usiku mwingi, na singo ikipotea mtu analala. Jumamosi mechi zinafuatana tangu mchana hadi karibu usiku wa manane, na kila saa mbili kuna mlango mpya wa kurudishia kilichopotea.

Nilimuuliza mwalimu kwa nini hasara ya mama yake mkubwa ni nzito kuliko ile ya hesabu ya darasani. Alinipa sababu mbili, nami naona ni za haki. Kwanza, mikeka yake mingi ilikuwa na timu 12 hadi 15, na kila timu inayoongezwa inaongeza mkato. Mitatu iliyotiki yote ilikuwa na timu saba au pungufu. Mirefu haikutiki hata mmoja. Pili, mikeka 186 si mingi kwa mchezo wa namna hii. Mmoja mrefu ungetiki kwa bahati, ukurasa ungesomeka vingine, na huenda angeendelea kwa miaka mingine mitano.

Kijiwe cha Kibondo

Nilipokwenda stendi ya Kibondo kuwaonyesha vijana wa bodaboda hesabu hizi, sikupata watu wa kushangaa. Nilipata watu wa kubishana, na hoja yao moja nimeshindwa kuibeza.

"Kaka, singo itanipa nini?" aliniuliza mmoja wao, anayeendesha pikipiki ya mkataba. "Naweka buku, napata buku na mia tano. Hiyo mia tano nanunua nini? Mimi nataka laki tatu ya kumalizia mkataba. Hapa Kibondo nani atanipa laki tatu? Mkeka unaweza."

Mwenzake alimuunga mkono. Benki inataka dhamana, ndugu wote wanamtegemea yeye, na fedha akiiweka ndani inaombwa. Buku la mkeka ni fedha ambayo ingeisha tu kwa soda na vocha.

Hii si hoja ya kijinga. Mchumi Sylvan Herskowitz alifuatilia wanaume wanaobeti mpira mjini Kampala, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2021 katika jarida la wachumi wa Marekani. Aligundua kwamba wengi wanatumia kubeti kama njia ya kupata fedha ya mkupuo kwa kitu kikubwa, kama vile mtaji au kifaa, kwa sababu kuweka akiba kunawawia vigumu. Walioambiwa kwanza wakifikirie kitu wanachotamani kununua, hamu yao ya kubeti ilipanda. Na baadhi walipopewa kisanduku cha kuwekea akiba, hamu hiyo ilishuka.

Sehemu hiyo ya mwisho ilimgusa mama wa Kasulu kuliko yote niliyomsomea. Kikundi chake cha VICOBA hukutana kila wiki. Sanduku lina kufuli tatu na funguo zinashikwa na watu watatu tofauti, hivyo hakuna awezaye kulifungua peke yake, hata mweka hazina. Mwanachama ananunua hisa, anakopa kulingana na hisa zake, na mwisho wa mzunguko wanagawana.

"Mimi nawasainisha watu mkupuo wao kila mwaka," alisema. "Msimu huu mimi ndiye nilikuwa na hisa chache kuliko wote. Nilikuwa nanunua chache ili ibaki ya Jumamosi."

Anaapa kwamba hakuwahi kugusa fedha ya kikundi. Namwamini, kwa sababu vitabu vya kikundi hukaguliwa mbele ya wote na vimekaa sawa. Lakini alinieleza juu ya Jumamosi moja ya mwezi Aprili, alipokuwa amekusanya rejesho la mwanachama aliyekuwa safarini na fedha hiyo ilikuwa ilale kwake siku mbili. Alimpelekea mwenyekiti usiku uleule, akisingizia kwamba anaogopa wezi.

Upande wa kibanda

Kubeti ni biashara halali Tanzania. Inasimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha chini ya sheria ya mwaka 2003, ni marufuku kwa aliye chini ya miaka 18, na ushindi hukatwa kodi. Fedha zake zimeingia hadi ndani ya mpira wenyewe: mwaka 2017 Simba na Yanga zote ziliingia mkataba wa udhamini na kampuni moja ya ubashiri, na timu nyingi zimefuata njia hiyo.

Dada anayekaa dirishani kwenye kibanda kimoja mjini Kasulu, aliyekubali kuzungumza bila kutajwa, anasema mkeka ndio unaoleta watu. "Wa singo ni wazee wachache. Vijana wanataka kuona namba kubwa chini ya karatasi. Na kampuni inaongeza bonasi ukiweka timu nyingi, kwa hiyo wanaona ni hasara kuweka tatu."

Bonasi hiyo inastahili kuangaliwa, kwa sababu ndiyo jibu linalotolewa mara nyingi. Tuseme timu kumi zinaongezewa asilimia 20 ya malipo. Katika mfano wetu wa mikeka 100, ule mmoja uliotiki ungelipa kama Sh69,000 badala ya Sh57,000. Mchezaji bado amepoteza zaidi ya Sh30,000 kwa kila laki moja, wakati wa singo amepoteza Sh5,500 bila bonasi yoyote. Bonasi inarudisha sehemu ya kilichokatwa, tena kwa yule mmoja tu aliyeshinda.

Na kwamba mkeka ndio unaoilisha kampuni si siri ya Kasulu. Jimbo la Nevada nchini Marekani limekuwa likitangaza mapato ya vibanda vyake vya kubetia kwa aina ya mchezo kwa miongo mingi. Kwenye futiboli yao na mpira wa kikapu, kampuni hubaki na kama Sh5 katika kila Sh100 inayowekwa, tukiiweka kwa fedha yetu. Kwenye kadi za mikeka hubaki na kama Sh30.

Nilimuuliza dada wa dirishani kama anaweza kumchapishia mteja jumla ya alichoweka na alichopata kwa mwezi. Akasema mashine yake inamwonyesha mauzo ya siku tu, na mteja wa karatasi hajulikani kwa jina. Anayebeti kwa simu ana historia yake ndani ya akaunti, mstari kwa mstari. Jumla inayotenganisha mkeka na singo, atalazimika kuipiga mwenyewe.

Kwa maoni yangu, hapo ndipo penye kazi kwa msimamizi. Kampuni inaijua nafasi ya kila mkeka kutiki, maana ndivyo inavyopanga odi. Karatasi inachapa malipo makubwa kwa herufi nene. Hakuna kinachozuia namba ya pili kuchapwa kando yake, kwamba katika mikeka 100 kama huu, mmoja hutiki. Yule kijana wa Kibondo anaweza bado kuweka buku lake. Ataliweka akijua bei.

Sharti ambalo halijaandikwa

Tangu Juni mama huyu hajacheza mkeka wa wikendi. Daftari lina msimu mpya sasa, na herufi M haimo. Jumamosi anakaa stoo hadi jioni, na dau la mikeka amelihamishia kwenye hisa.

Singo hakuziacha. Anasema Sh26,500 kwa miezi kumi ni bei anayoweza kulipa kwa ajili ya kuangalia mpira akiwa na hamu, pungufu ya alichotumia kwa king'amuzi.

Hapo ndipo yeye na mwalimu wanapotofautiana, na niliwakuta bado wanabishana kwa simu. Kijana anasema singo nazo zinapoteza, pole pole tu, na kwamba mtu aliyezoea kuona laki mbili chini ya karatasi hatatosheka na buku na mia tano. Atapandisha dau. Akamtaka afungue ukurasa wa Septemba.

Tuliufungua pamoja. Agosti yote dau lilikuwa Sh2,000. Septemba kuna singo tatu za Sh5,000, zote za siku moja, na ya tatu iliwekwa baada ya mbili za kwanza kupotea.

"Nimeziona," alisema. Akaeleza kwamba siku atakapoweka Sh10,000 kwenye mechi moja, ataacha zote, singo na kila kitu. Mwalimu amemwomba aliandike sharti hilo kwenye jalada la ndani, kwa kalamu nyekundu, na kumpa mwenyekiti wa kikundi alisome. Nilipoondoka Kasulu hakuwa ameliandika, na alisema la mwenyekiti bado analifikiria.